Bima ya moto na siku ya fujo

"Nina duka la vitenge Mwanjelwa, Mbeya, nimekata bima ya moto. Wakala anasema fujo ni nyongeza ya kulipia. Kwani moto si moto tu?"

Hapana dada, kwenye bima wanaangalia moto umetoka wapi. Fungua ukurasa wa mambo yasiyolipwa, kwa kawaida utakuta ghasia na migomo. Waya ukishika moto usiku, unalipwa. Kundi likitupa tairi linalowaka dukani, hulipwi, mpaka uwe na kipengele cha ghasia, migomo na uharibifu wa makusudi.

Wanakitenga kwa sababu hitilafu ya umeme mara nyingi huunguza maduka machache, lakini fujo za siku moja zinaweza kupita Mwanjelwa hadi Kabwe, madai yote yakaiangukia kampuni kwa mpigo. Na mwenye ghala la viazi kule Rungwe hataki kuchangia hatari ya mjini.

Tuseme unacho kipengele hicho, na fujo zimefika dukani. Vioo vya shilingi 2,000,000 vimevunjwa, vitenge vya 8,000,000 vimeungua, vya 5,000,000 vimebebwa. Mara nyingi utalipwa 10,000,000, ukitoa sehemu unayobeba mwenyewe. Vilivyobebwa huhesabiwa wizi, na wizi una bima yake. Hapo ndipo watu hulia. Muulize wakala, akujibu kwa maandishi, kama uporaji wakati wa fujo umo. Mauzo uliyokosa duka likiwa limefungwa hayamo. Vita na uasi navyo havilipwi, hata ukiwa na nyongeza.