Maswali na majibu: kinyama cha titi chini ya darubini

Daktari, binti yangu alipiga picha ya slaidi yangu ya titi kwenye darubini. Imejaa zambarau. Ndiyo saratani yenyewe?

Zambarau ni rangi ya maabara, mama. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa hematoksilini na eosini. Hematoksilini hugeuza kila kiini cha seli kuwa zambarau, kiwe kizima au kigonjwa. Hata titi lenye maambukizi hujaa zambarau, kwa kuwa seli za kinga zilizokimbilia pale ni karibu kiini tu.

Sasa nyie mnazitofautishaje seli za saratani na nzima?

Tunaanza na mpangilio. Mrija wa maziwa wa kawaida una safu mbili za seli: ya ndani, na ya nje ambayo hujikaza kusukuma maziwa. Saratani iliyopenya haina tena safu hiyo ya nje. Seli zimevuka na kuingia kwenye tishu za jirani. Mara nyingi viini vyake ni vikubwa, havilingani, na vingine viko katikati ya kugawanyika.

Mtego upo hapa: kuna uvimbe usio saratani ambao makovu huibana mirija midogo mpaka ionekane imepenya. Nikishuku hivyo, naagiza rangi maalumu ya kuonyesha safu ya nje. Ikijitokeza, hiyo si saratani iliyopenya. Picha ya simu haiwezi kukupa jibu hilo, maana ni kona moja tu ya slaidi, na kipimo cha pili hakimo.

Ripoti yangu inasema saratani iliyopenya, mirija 3, viini 2, mgawanyiko 1, daraja la 2. ER chanya, HER2 2+. Shemeji anasema niko hatua ya pili.

Mwambie shemeji kwamba daraja na hatua ni vitu viwili. Daraja ni jumla ya alama hizo tatu: 3+2+1 ni 6, na jumla ya 6 au 7 ni daraja la 2. Linaeleza jinsi seli zilivyoachana na umbo la kawaida. Hatua hutegemea ukubwa wa uvimbe, tezi za kwapani, na kama saratani imefika viungo vingine.

ER chanya ina maana kwamba seli zina vipokezi vya estrojeni, kwa hiyo dawa kama tamoksifeni zinaweza kukufaa. HER2 ni protini inayohimiza seli kukua, lakini alama yake ya 2+ bado si jibu. Si chanya, si hasi. Inahitaji kipimo cha jeni ya HER2. Muulize daktari wako kama kimeagizwa, kwa sababu dawa ya trastuzumabu hutegemea matokeo yake.

Nimeambiwa kwa mdomo tu kwamba ni saratani. Nahamia hospitali nyingine, nibebe nini?

Omba nakala ya ripoti iliyosainiwa, yenye namba ya maabara. Kwa namba hiyo kipande cha nta hupatikana na kukatwa upya, hivyo huenda usihitaji kuchomwa sindano tena.