Usinunue taa kabla hujasimama ng'ambo ya barabara

"Wakuu, kioo cha mbele cha duka langu la nguo kikifika jioni kina giza upande mmoja. Fundi anasema niongeze taa mbili kali ukutani, nyuma ya midoli. Ninunue za mwanga mweupe au wa njano? Na pazia la nyuma nilitoe?"

Usiweke taa nyuma ya midoli! Mwambie huyo fundi asubiri.

Mimi niliambiwa hayohayo. Fundi wangu alisimama katikati ya duka, saa sita mchana, akatazama juu akasema mwanga hautoshi. Akafunga taa mbili kali ukutani. Nikiwa ndani niliona panang'aa, nikalipa nikashukuru. Wiki tatu baadaye nilivuka barabara wakati giza linaingia, nikageuka. Ukuta mweupe pee, na mbele yake vivuli vitatu vyeusi. Sura hakuna, nguo hazionekani. Jicho hujirekebisha kufuata mahali penye mwanga mkali zaidi, kwa hiyo kilicho mbele yake hugeuka kivuli. Nilimpigia fundi, akaniambia ninunue balbu zenye wati nyingi zaidi, nami nikanunua! Vivuli vikazidi weusi. Hilo bado linaniuma, maana mtu yule hakuwahi hata mara moja kutoka nje akatazama.

Kilichonisaidia ni tochi. Jua likishazama, mbingu ikiwa bado na weupe kidogo, mwache mtu ndani, wewe vuka. Subiri dakika chache, kwa sababu jicho lililotoka kwenye mwanga wa duka linadanganya. Kisha finya macho: kinachobaki kuonekana ndicho anachokiona mpita njia. Usitegemee picha ya simu, kamera huongeza mwanga penye giza.

Aliye ndani ashike tochi juu, karibu na kioo, aielekeze ndani na chini, kwenye kifua cha mdoli. Mwongoze kwa simu: kushoto, juu kidogo, hapo! Uso na nguo vikitokea, abandike utepe darini. Taa inakaa pale. Mimi nilizihamisha zilezile mbili kutoka ukutani, nikaziinamisha kama nyuzi 30 kutoka wima, vivuli vikaisha bila kununua balbu nyingine hata moja. Kioo changu nacho kilikuwa na giza kona ya kushoto, kumbe ilikuwa na taa tangu mwanzo, ila miale yake myembamba ilikuwa inaangukia sakafuni, katikati ya midoli miwili. Niliigeuza tu.

Ukimaliza, pita mbele ya duka ukitokea kulia, kisha kushoto, maana watu hawaji wakiwa wamekikabili kioo. Taa ikikupiga machoni, ielekeze chini zaidi. Na utazame mlango ukiwa hukohuko ng'ambo. Wangu ulikuwa shimo jeusi kando ya kioo kinachong'aa, watu wakitazama nguo na kupita. Taa moja ndogo juu ya kizingiti, ikimulika sakafu ya kuingilia, ndiyo pekee niliyoongeza.