Aliyeganda ndiye wa mwisho kujua

Leo asubuhi kwenye kikao cha mtandaoni, mdogo wetu mmoja ametoa ripoti dakika nne nzima maiki ikiwa imefungwa. Kabla hajamaliza, kwenye grupu ilishatua ile meme ya mtu aliyeganda mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nimecheka na wenzangu, halafu nikaumia, kwa sababu hayo nimeyapitia na yaligharimu watu wengine. Nyinyi mlioanza kazi mwezi huu, nawaandikia.

1. Msiiamini picha yenu wenyewe. Ile sura yako unayoiona pembeni ya skrini inatoka moja kwa moja kwenye kamera yako, haijapita mtandaoni. Wenzako wanaweza kuwa wanatazama sanamu, wewe ukajiona unapepesa macho vizuri kabisa. Sauti nayo ni hivyo hivyo: unajisikia kwa masikio yako, maiki iwe wazi au imefungwa. Ndiyo maana hakuna asiyezielewa meme hizi. Kila mtu ameshawahi kupunga mkono akisema "hatukusikii", na kila mtu ameshawahi kuwa yule anayepungiwa.

Na mdomo kuwa wazi si bahati mbaya. Video haitumi picha nzima kila mara. Inatuma picha nzima mara chache, kisha mabadiliko tu. Mabadiliko yakipotea njiani, skrini ya mwenzako inabaki na picha ya mwisho iliyofika mpaka ipate nyingine nzima. Kwa kuwa ulikuwa unaongea, picha hiyo imekukamata katikati ya neno.

2. Hapa naomba tutulie. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa naratibu usambazaji wa mbegu Mbarali. Jumatano moja niliingia kikaoni kwa hotispoti ya simu, huku laptopu inapandisha picha za shambani kwa nyuma. Nyuso za wenzangu zilikuwa safi, sauti zao safi, nikajua mtandao uko vizuri. Kumbe kilichokuwa vizuri ni kupokea. Njia ya kutuma ilikuwa imejaa zile picha.

Nikasema: "Hatutapeleka mbegu Ijumaa." Waliosikia walisikia: "Tutapeleka mbegu Ijumaa."

Fikirieni Kiswahili chetu. Katika neno kama lile, kukanusha kote kumebebwa na "ha" moja, mwanzoni mwa neno. Sauti husafiri kwa vipande vidogo, mara nyingi vya milisekunde 20, kwa hiyo vipande kama kumi vikipotea kwa mfululizo, "ha" imeondoka. Programu hujaribu kuziba pengo kwa kurefusha sauti iliyotangulia, na mimi nilikuwa nimenyamaza kidogo kabla ya kusema. Pengo likazibwa kwa ukimya. Hakuna aliyesikia mkwaruzo wowote, hivyo hakuna aliyeuliza.

Sura yangu ilikuwa imeganda, wakaizoea. Mmoja aliandika kwenye chati, "umeganda dada", nami chati sikuifungua.

Ijumaa saa nne asubuhi nikapigiwa simu kutoka ghalani. Wakulima wamefika tangu alfajiri, wengine wamelipa bodaboda, mama mmoja amekuja na magunia yake matupu ameyakunja vizuri kwapani. Niliongea naye kwa simu ya mtunza ghala. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa mwanangu, nirudi lini?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sauti ile ninayo.

Tangu siku hiyo, jambo la kukanusha nalisema mara mbili kwa maneno mawili tofauti: "Ijumaa mbegu haziji. Tumeahirisha." Kisha nalipigia mstari kwenye chati, na namwomba mtu mmoja anirudishie alichosikia. "Mnanisikia?" haitoshi, watajibu ndiyo.

3. Mtandao ukiyumba, zima kamera kwanza. Sauti haifiki kilobiti 100 kwa sekunde. Video nzuri ya Zoom, hata mkiwa wawili tu, inataka kama 600. Simamisha kila kinachopanda mtandaoni. Kwenye Zoom, ukiwa umefungwa maiki, shikilia kitufe cha nafasi uongee, ukiachia inafunga. Zipo siku lakini ambazo huna la kufanya: tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tulirudi kwenye simu za kawaida, na kazi ikaenda.

4. Mwenzako akiganda, mwambie kabla hujapiga picha ya skrini. Usiandike kwenye chati, anayeongea haisomi. Mkatize kwa sauti, na umtajie neno la mwisho ulilosikia, ili ajue arudie kuanzia wapi. Asubuhi hii tulikuwa watu tisa tunamtazama yule kijana akieleza kwa mikono miwili. Stika tatu zilitumwa kwenye grupu kabla mtu hajamwita jina.