Ujazo wa tangi unatoka pungufu

"Nimechora kwenye kompyuta, kwa pembetatu, tangi la mita 2 kila upande, kona moja ikiwa kwenye nukta (0,0,0). Mbona napata 5.33 badala ya 8? – Kisumu"

Ndugu, kila pembetatu huunganishwa na nukta hiyo kufanya piramidi yenye ujazo `a·(b×c)/6`, a, b na c zikiwa vipeo vya pembetatu, na ujazo huo huwa chanya vipeo vikipangwa kinyume cha saa ukitazama kutoka nje. Kwako ni pembetatu 6 tu, zilizo kwenye nyuso tatu za mbali, zinazochangia, kila moja 1.33; mpangilio wa vipeo vya moja ukigeuka, hutolewa badala ya kujumlishwa, hivyo unapoteza 2.67. Kagua kila ukingo: pembetatu mbili zinazoushiriki lazima ziupite kwa mielekeo iliyo kinyume. Kisha sogeza tangi kwenye x, y na z kwa zamu, kwani pembetatu iliyogeuka kwenye uso unaopita (0,0,0) hujificha hadi hapo. Jumla ikibadilika, kasoro bado ipo.