Folda au tagi kwa noti zangu?

"Natumia Obsidian. Noti zimefika mia kadhaa na za miezi iliyopita sizipati. Nipange kwa folda au kwa tagi?"

Ndugu, chukua noti moja: bei aliyokupa fundi bomba mwezi wa tatu. Ukiiweka kwenye folda ya Nyumba, mwezi wa kumi huenda ukaitafuta kwenye Fedha, maana siku hiyo unachowaza ni pesa. Noti hukaa folda moja tu, na ile uliyochagua ilifuata mawazo ya siku ya kuandika.

Tagi zinaondoa tatizo hilo, ila zina lao, tena la kimyakimya. Leo unaandika `#fundi`, mwezi ujao `#mafundi`, baadaye `#matengenezo`. Ukitafuta ya kwanza, zile nyingine hazitokei, nawe utadhani hukuandika kabisa. Fungua orodha ya tagi: ukiona nyingi zenye noti moja moja, ndiyo dalili. Ziunganishe.

Mimi ningebaki na folda chache za mambo yenye mwisho, kama ujenzi wa choo, na tagi zisizozidi kumi na tano, zote kwa umoja, si wingi. Ukiandika `#nyumba/bomba` kwenye noti, utafutaji huu utaileta noti hiyo pia:

```
tag:#nyumba
```

Halafu kichwa cha noti kiwe na maneno utakayoyakumbuka: "Bei ya fundi bomba, tangi la juu". "Noti mpya 14" haiokolewi na folda wala tagi.