Pengo la nyuzi 36

"Napanga vigae vya pembetano nipate nakshi kama za Isfahan, kila mara inabaki nafasi. Nakosea wapi?"

Hukosei, ndugu. Pembe ya pembetano iliyo sawa ni nyuzi 108. Kutanisha tatu, unapata 324, na mzunguko unataka 360. Hizo 36 haziondoki hata ukate kwa wembe.

Usilazimishe umbo moja. Chukua umbo la pembe kumi, ambalo kila pembe yake ni nyuzi 144. Mawili yakikutana ni 288, zinabaki 72, na hapo inaingia ncha ya rombasi yenye nyuzi 72 na 108, mradi pande zote ziwe za urefu mmoja.

Kwenye nakshi kama za Darb-i Imam, kaburi takatifu mjini Isfahan (1453), hivyo vigae huvioni. Tia nukta katikati ya kila upande, pitisha hapo mistari miwili inayoukata upande kwa nyuzi 54, kisha futa mipaka. Nyota ya ncha kumi itajitokeza yenyewe. Nakshi hizi Wajemi huziita girih, yaani fundo. Mstari ukivunjika unapovuka mpaka, nukta yako haikukaa katikati.