Kitovu cha GL na kinachobaki ukikigawanya: maswali ya wasomaji

Mwalimu, matrisi diagonali zote zinabadilishana. Basi ndizo kitovu cha GL₂? (Mwanafunzi, Kasapa)

Hapana. Swali hili halichoki kurudi, na daima muulizaji amepima diagonali na diagonali wenzake tu. Memba A wa kitovu lazima atimize AB = BA kwa *kila* B ya kundi. Andika A = (a b; c d), nukta-mkato ikitenga mistari, kisha chukua B = (1 1; 0 1). Utapata

AB = (a a+b; c c+d), BA = (a+c b+d; c d).

Nafasi ya kwanza inalazimisha c = 0, na ya pili a = d. Rudia na (1 0; 1 1), b nayo inakuwa 0. Imebaki aI.

Wengi hupenda kumpima A kwa diag(1, −1). Acheni hiyo. Katika uwanja F₂, 1 na −1 ni kitu kimoja, kwa hiyo matrisi hiyo ni I na haithibitishi lolote.

Skalari 0 nayo imo kitovuni? (Katuba)

Haina kinyume, haimo hata katika GL.

SL₂(F₃) ina memba 24, PGL₂(F₃) nayo 24. Si ni kundi moja? (Kampemba)

Kuhesabu memba peke yake si uthibitisho, na mazoea haya yanaharibu kazi nzuri. Hebu tuyaangalie makundi yenyewe.

GL₂(F₃) ina memba 8 × 6 = 48. Skalari zake ni I na 2I tu, kwa hiyo PGL₂(F₃), yaani GL₂(F₃) iliyogawanywa kwa kitovu chake, ina 24. Bapa la F₃ lina vekta 8 zisizo sifuri, na kila mstari unaopita kwenye asili unabeba 2 kati yake, basi mistari ni 4. Matrisi huihamisha mistari hiyo. Isiyohamisha hata mmoja inavizidisha e₁, e₂ na e₁+e₂ kila kimoja kwa namba yake. Kwa sababu ya e₁+e₂, namba za e₁ na e₂ ni lazima zilingane, kwa hiyo hiyo ni skalari. Basi PGL₂(F₃) inaingia ndani ya S₄ bila kupoteza memba, na S₄ ina 24: ni S₄ yenyewe.

SL₂(F₃) je? Humo A² = I pamoja na determinanti 1 vinaruhusu I na −I pekee, kwa hiyo memba wa oda 2 ni mmoja. S₄ inao 9. Ni makundi mawili tofauti.

Kwa namba halisi, PSL₂ na PGL₂ zinalingana? (Kenya, Lubumbashi)

Hazilingani. Det(λA) = λ² det A, na λ² haiwezi kugeuza alama, hivyo diag(1, −1) inabaki nje ya PSL₂(R). Kwa namba changamano kila determinanti ina kipeuo cha pili, na zinalingana. Ukiandika PGL bila kutaja uwanja, hujasema umeandika kundi gani.